Simu imeibwa, na namba ya kuthibitisha inaingia kwenye simu hiyohiyo

Dhana: "Nikiibiwa, nitaingia kwenye akaunti yangu kwa simu ya mwenzangu."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Rafiki yangu alinyakuliwa simu akiwa ndani ya gari, kioo kikiwa wazi, saa mbili usiku. Dakika tano baadaye alikuwa ameshika simu ya dada yake, anaandika barua pepe na nywila, zote anazikumbuka vizuri. Skrini ikamjibu kwamba namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye simu yake. Simu ipi? Ileile aliyokuwa anakimbia nayo mwizi. Huduma ya kutafuta simu alikuwa ameiwasha miezi mingi nyuma, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa umebaki mikononi mwa mwizi. Kesho yake mchana alipopata laini mpya na kufungua ramani, simu ilishazimwa tangu saa tatu usiku.

Ukweli ni kwamba kuwasha huduma hiyo ni nusu tu ya kazi. Kwa akaunti ya Google, fungua sehemu ya usalama, ingia 2-Step Verification, kisha Backup codes. Utapewa namba 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi uiache nyumbani. Ukizipiga picha kwa simu yako umezihifadhi palepale zitakapopotelea. Wenye iPhone wana nafuu kidogo, kwa kuwa ukurasa wa icloud.com/find unakuruhusu kuitafuta simu kwa nywila peke yake bila namba ya kuthibitisha. Basi nywila hiyo iwe kichwani.

Android ina pia Remote Lock. Ukishaiwasha mapema kwenye mipangilio, unaweza kwenda android.com/lock kwa simu ya mtu yeyote, ukaandika namba yako ya simu, na skrini ikafungwa pindi simu iliyoibwa inapokuwa na intaneti. Haikuonyeshi simu ilipo, ila inazuia mwizi aliyeinyakua ikiwa wazi.

Jaribu leo: weka simu yako chumba kingine, chukua ya ndugu yako, uone kama unaingia bila kuigusa yako.

Dhana: "Skrini ina namba ya siri, basi laini nayo iko salama."

Mwizi hahitaji skrini. Anachomoa laini, anaipachika kwenye simu nyingine, na namba za kuthibitisha zinaanza kumiminikia kwake. Kinga yake ni PIN ya laini yenyewe: akikosea mara tatu laini inajifunga mpaka iwekwe PUK, namba ya kuifungulia. Kabla ya kuiwasha, ijue PIN iliyokuja na laini, usije ukajifungia mwenyewe.

Baada ya wizi, utaratibu wangu ni huu: kwanza funga simu kupitia ile huduma ya kutafuta simu, yaani Find Hub kwa Android au Find My kwa iPhone, kazi ya dakika moja, kisha piga simu mtandao wako wafunge laini. Ni kweli laini ikifungwa data inakatika, na kitone kwenye ramani huenda kikaganda. Hata hivyo nisingeiacha laini wazi kwa ajili ya kukodolea macho ramani huku akaunti za fedha zikichezewa.

Dhana: "Cha kwanza ni kufuta kila kitu."

Kufuta kuje mwisho. Simu ya Android ikishafutwa kwa mbali, Find Hub haiioni tena. iPhone yenye iOS 15 au zaidi inaweza kuendelea kuonekana hata ikifutwa, mradi hujaiondoa kwenye akaunti. Kitufe cha Remove This Device ndicho cha kuogopa: ukikibonyeza, kufuli la Activation Lock, linalozuia mtu mwingine kuitumia simu bila nywila yako, linafunguka na mwizi anapata simu ya kuuza kama mpya.

Ndiyo maana siku chache baadaye huja ujumbe: "Simu yako imepatikana, bonyeza hapa uione." Ukurasa unafanana kabisa na wa Apple na unaomba nywila. Namba ya kukutumia ujumbe huo wezi mara nyingi wanaisoma kwenye skrini, palepale ulipoiacha ili msamaria mwema akupigie. Usibonyeze. Andika anwani mwenyewe.

Dhana: "Nikiwa na IMEI, nitaiona ilipo."

Hapana. IMEI ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15 unazozipata kwa kupiga `*#06#`, na simu ya laini mbili huwa nazo seti mbili. Ziandike kabla ya kuibiwa, kwa sababu polisi na mtandao watazihitaji ili simu ifungiwe. Anayekuahidi ramani kwa IMEI anataka hela yako.

Dhana: "Ramani imeonyesha nyumba, twende."

Kile kitone kina duara kukizunguka, na simu inaweza kuwa popote ndani yake. Kwenye jengo la ghorofa hakikwambii ni mlango upi. Piga picha ya skrini, pamoja na saa, uwapelekee polisi.