Ahadi ya afisa wa kaunti inafunga lini?

"Huyo afisa alishaondoka, na hiyo barua ni yake, si yetu." Wafanyabiashara wengi wa Nairobi wamepewa jibu hili waliporudi ofisini na barua mkononi, baada ya uchaguzi kupita au mkurugenzi kuhamishwa. Wengi hulikubali, wakaikunja barua na kwenda zao. Linaniudhi kila ninapolisikia, kwa sababu kisheria si kweli. Anayeandika barua rasmi akiwa kazini, ndani ya mamlaka aliyopewa, haahidi kwa nafsi yake. Anaahidi kwa niaba ya ofisi, na ofisi inabaki palepale hata kiti kikikaliwa na mtu mwingine.

Haki ya kudai ofisi iheshimu ahadi kama hiyo, wanasheria huiita matarajio halali. Msingi wake ni Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na watawala. Bunge lilitunga Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala mwaka 2015 ili kukitekeleza, na kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinasema wazi kwamba mahakama inaweza kuukagua uamuzi unaokiuka matarajio halali ya mtu anayeguswa nao. Ila haki hii ina mipaka, na watu wengi huikosea kwa pande zote mbili: wapo wanaodhani haipo kabisa, na wapo wanaodhani inafunga kila neno lililotoka kinywani mwa mkubwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina ambayo mji huu unaifahamu. Soko la vibanda vya mabati huko Eastlands linabomolewa ili lijengwe la orofa. Mkurugenzi wa masoko wa kaunti anawaandikia wafanyabiashara barua yenye muhuri na nambari ya kumbukumbu: kila aliye kwenye orodha ya usajili iliyoambatishwa atapewa nafasi katika soko jipya kabla ya nafasi zitakazobaki kutangazwa kwa umma. Mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba yumo kwenye orodha. Anahamia kando ya barabara, biashara inadorora, anavumilia. Soko likiisha, tangazo linabandikwa langoni: orodha ya zamani imefutwa, kila mtu aombe upya, majina yatachaguliwa kwa bahati nasibu baada ya siku saba.

"Ahadi ni deni, kwa hiyo kaunti ilipe tu"

Mtaani ahadi ni deni. Mahakamani huulizwa kwanza ni ahadi ya namna gani. Mahakama ya Juu iliweka masharti manne mwaka 2014, katika kesi ya Tume ya Mawasiliano na Royal Media kuhusu kuhamia matangazo ya dijitali. Ahadi iwe ya wazi, isiyo na utata, na iwe imetolewa na mamlaka ya umma. Tarajio lenyewe liwe la busara. Aliyeahidi awe na uwezo wa kisheria wa kuahidi jambo hilo. Na hakuna tarajio halali linaloweza kusimama dhidi ya maneno ya wazi ya sheria au Katiba.

Ipime barua ya mama wa viatu kwa masharti hayo. Inataja nani atapewa, atapewa nini, na kabla ya nani. Orodha imeambatishwa, kwa hiyo hakuna ubishi kuhusu wahusika. Mwandishi ndiye anayesimamia masoko ya kaunti, na kugawa nafasi sokoni ni kazi ya kaunti. Mama huyu anasimama vizuri. Lakini kama barua ingesema "tutajitahidi kuwazingatia waliokuwepo", angekuwa ameshika maneno mepesi mno. Kujitahidi si kuahidi, na kuzingatiwa si kupewa. Ninapoletewa barua ya aina hii, hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta: kitenzi.

Ahadi za kampeni hazimo. Mgombea anayesema jukwaani kwamba atawapa nafasi zenu bado si mamlaka ya umma, na mahakama ya Uingereza iliamua vivyo hivyo katika kesi ya Begbie, pale chama kilichoahidi kikiwa bado upinzani kilipoingia serikalini na kubadili msimamo.

"Huna hati ya umiliki, huna cha kudai"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Kibanda cha soko kwa kawaida ni leseni ya muda, si mali. Afisa atamwambia mama: leseni yako imeisha, hatudaiwi hata kukusikiliza.

Jibu zuri liko kwenye kesi ya Hong Kong ya mwaka 1983. Ng Yuen Shiu aliingia huko kutoka Macau bila kibali na hakuwa na haki yoyote ya kuishi pale. Lakini serikali ilikuwa imetangaza kwamba watu wa hali yake wangehojiwa, na kila kesi ingeamuliwa kwa uzito wake. Yeye akaamriwa kuondoka bila kupewa nafasi ya kueleza hali yake. Baraza la Rufaa huko London, lililokuwa likisikiliza rufaa za Hong Kong, lilifuta amri hiyo. Hakupewa haki ya kubaki. Alipewa kile alichoahidiwa, yaani kusikilizwa kwanza. Ikiwa mtu asiye na haki ya kuwa nchini alistahili utaratibu ulioahidiwa, mfanyabiashara aliyelipa ada za soko miaka yote hawezi kufukuzwa kwa hoja kwamba leseni si hati.

Huu ndio upande wa utaratibu wa matarajio halali. Na hauhitaji barua kila mara, kwa sababu mazoea nayo huzaa tarajio. Kama kaunti kila mara ilikuwa ikiita kamati ya soko kabla ya kubadilisha mgao, mara hii haiwezi kuiruka kimyakimya.

Kusikilizwa kwenyewe kuna sura yake. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2015 kinataka taarifa ya mapema yenye sababu, na nafasi ya kujibu kabla uamuzi haujafikiwa. Mkutano wa hadhara ambapo afisa anasoma uamuzi na kuuliza kama kuna maswali mawili matatu hautoshi. Utaujuaje? Angalia tarehe. Kama tangazo la bahati nasibu limetiwa sahihi tarehe iliyotangulia mkutano, basi mliitwa kupashwa habari, hamkuitwa kusikilizwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kumbukumbu za kikao na daftari la usajili, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Mara nyingi karatasi hizo ndizo zinazoamua kesi.

"Wakishakusikiliza, wanaweza kufanya watakavyo"

Si kila mara. Upo pia upande wa kiini, ambapo mtu hadai kusikilizwa tu, anadai kitu chenyewe alichoahidiwa. Kesi inayorejelewa zaidi ni ya Pamela Coughlan, ya Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1999. Alipata ajali ya barabarani mwaka 1971 akabaki na ulemavu mkubwa. Mwaka 1993 yeye na wagonjwa wenzake wachache walikubali kuhamishwa kutoka hospitali ya zamani hadi jengo liitwalo Mardon House, baada ya mamlaka ya afya kuwaahidi kwamba hapo ndipo pangekuwa nyumbani kwao kadiri watakavyopenda kukaa. Miaka mitano baadaye mamlaka hiyo ikaamua kulifunga, ikitoa hasa sababu za gharama. Wagonjwa waliulizwa maoni, kwa hiyo utaratibu peke yake usingewaokoa. Mahakama ya Rufaa iliuliza swali zito zaidi: je, kuna maslahi ya umma makubwa kiasi cha kuhalalisha kuvunja ahadi hii? Ikaona hakuna. Ahadi ilikuwa ya wazi, ilitolewa kwa watu wachache wanaojulikana, iligusa jambo kubwa maishani mwao, na kuitimiza kungegharimu pesa tu.

Mizani hiyo ndiyo ya kumpimia mama wa viatu. Kundi lake linajulikana kwa majina. Ahadi ilitolewa ili wakubali kuondoka bila vurugu, nao wakaondoka. Kaunti ikisema inataka haki kwa wote kupitia bahati nasibu, itaulizwa kwa nini haki hiyo isianzie kwenye nafasi zinazobaki, kama barua ilivyosema. Lakini tuseme mhandisi amegundua orofa ya juu si salama na nafasi zimepungua nusu. Hapo kuna sababu ya umma yenye uzito, na mahakama haitaamuru watu wapandishwe kwenye jengo bovu. Itataka mgao uwe wa haki miongoni mwa walioahidiwa.

Watu huuliza pia kama ni lazima uwe umetumia pesa kwa kuiamini ahadi. Si lazima, ila husaidia sana. Risiti ya kibanda cha muda au mkopo wa chama huonyesha kwamba kuvunjwa kwa ahadi kumekuumiza kweli.

"Alisaini mkubwa, basi imefungwa"

Ukubwa wa aliyesaini hauongezi mamlaka asiyokuwa nayo. Chifu hawezi kukugawia kipande cha hifadhi ya barabara, hata akupe barua yenye mihuri mitatu, maana kugawa ardhi ya umma si kazi yake. Na sharti la nne, lile la Katiba, hata majaji wamelionja. Mwaka 2016 Jaji Kalpana Rawal, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, alidai kwamba kwa kuwa aliteuliwa chini ya Katiba ya zamani alitarajia kustaafu akiwa na miaka 74. Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba Katiba ya 2010 inasema 70, na tarajio haliwezi kuishinda.

Anayetaka kwenda mahakamani Milimani asikawie. Sheria ya 2015 inataka kwanza utumie njia za malalamiko zilizomo ndani ya taasisi yenyewe, isipokuwa mahakama ikusamehe kwa sababu maalumu. Na kwa anayeomba amri ya kufuta uamuzi chini ya utaratibu wa zamani wa mapitio ya mahakama, mlango hufungwa baada ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Mama aandike barua ya kupinga tangazo kabla ya siku ya bahati nasibu, aambatishe nakala ya ahadi na ukurasa wa orodha wenye jina lake, aombe sababu kwa maandishi, na apigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala anayobaki nayo.

Akishinda, asitegemee jaji kumkabidhi ufunguo. Mara nyingi mahakama hufuta uamuzi na kuirudishia kaunti kazi iifanye upya, safari hii ikiipa ahadi uzito wake. Inaweza pia kuizuia isigawe nafasi kwa sasa, na pale inapofaa kuamuru fidia. Kaunti ikiketi upya, ikawasikiliza, ikaonyesha sababu halisi ya umma na kupendekeza njia ya kuwafidia walioahidiwa, inaweza kufikia uamuzi uleule, na safari hiyo ukasimama.