Vikumbusho vya Michango kwa Ujumbe Mfupi: Dhana Potofu na Ukweli

Ndugu wanachama,

Kuanzia mwezi ujao, kila tarehe 1 saa 3 asubuhi, mfumo utamtumia ujumbe mfupi kila mwanachama ambaye mchango wake wa mwezi haujaonekana katika daftari, ili alipe kabla ya tarehe 5. Tangu nitangaze jambo hili nimesikia maneno yaleyale mara nyingi mno, nami naona ni lazima niyajibu kwa maandishi.

Dhana: “Nisipopata ujumbe, sidaiwi.”

Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Deni la mchango linatokana na katiba ya chama tuliyoipitisha wenyewe. Ujumbe unakumbusha tu, wala kukosekana kwake hakufuti kitu. Ujumbe unaweza kukosekana kwa sababu nyingi. Simu ikizimwa, kampuni ya simu huuhifadhi kwa muda fulani, na muda huo ukipita huutupa bila kumwarifu mwenye simu. Tatizo kubwa zaidi ni laini iliyoachwa. Chukua mfano wa mwanachama aliyebadili namba bila kutuarifu: laini yake ya zamani ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifunga na baadaye humuuzia namba hiyo mtu mwingine. Mfumo utatuma ujumbe, taarifa itarudi kwangu kwamba umepokelewa, na kweli umepokelewa, ila na mtu asiyetufahamu. Taarifa hiyo huthibitisha kwamba simu imeupata ujumbe, haithibitishi nani ameusoma. Mwanachama wetu atakaa miezi mitatu akiamini hadaiwi, huku malimbikizo ya miezi mitatu yakisomeka wazi mbele ya jina lake. Kwa sababu hiyohiyo ujumbe utataja namba ya uanachama na kiasi pekee, bila jina la mtu. Nawasihi sana: anayebadili laini aje abadilishe na namba yake katika daftari siku hiyohiyo.

Dhana: “Nimekumbushwa ilhali nimelipa, basi fedha zangu zimepotea.”

Hazijapotea. Orodha ya wasiolipa hufungwa siku ya mwisho ya mwezi saa 12 jioni. Aliyelipa usiku huo, au alfajiri ya tarehe 1, atapata ujumbe kwa kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika orodha. Atunze stakabadhi, na ikiwa kufikia tarehe 5 malipo hayajaandikwa, aniletee.

Dhana: “Nikiujibu ujumbe, mhazini atasoma.”

Ujumbe utaonyesha jina la chama mahali pa namba ya mtumaji, na jina halipokei majibu. Maelezo yote yaletwe kwangu kwa simu au ana kwa ana.

Dhana: “Mfumo utanikata mchango wenyewe.”

Mfumo hauna njia ya kugusa fedha za mtu yeyote. Ujumbe wowote unaodai namba yako ya siri, hata ukiwa na jina la chama, haukutoka kwetu. Usiujibu, nipigie mara moja.

Wenu katika utumishi,
Mhazini