Barua ya benki na barua ya statapu: mwombaji mmoja, tukio moja, sauti mbili

Kazi yangu ni kuajiri. Nilianzia idara ya rasilimali watu kwenye benki hapa Dar, saivi nasaidia kampuni changa, yaani statapu, kutafuta watu, kwahiyo barua za kuomba kazi za pande zote mbili nimezisoma sana. Vijana wananitumia barua zao Wasap wananiuliza "hii imekaa vizuri?" na mimi siwezi kujibu mpaka nijue inaenda wapi, manake barua ikiwa nzuri kwa benki mara nyingi kwa statapu inakuwa imepoa, na ile ya statapu ukiipeleka benki inaonekana umeleta mchezo.

Watu wengi wanadhani tofauti iko kwenye maneno magumu na maneno mepesi. Mimi naona tofauti inaanzia kwa anayesoma, na barua yako inafanyiwa nini ikishafika.

Tuanze na benki. Pale barua haisomwi na mtu mmoja. Kuna mtu wa ajira anaichuja kwa kulinganisha na vigezo vya tangazo, wanaopita barua zao zinaenda mbele ya jopo la usaili, na ukipata kazi ile barua inaingia kwenye faili lako na inakaa humo miaka. Mkaguzi anaweza kuja kulifungua hilo faili akauliza huyu aliajiriwa kwa vigezo gani. Benki zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, ni sehemu ambayo karibu kila uamuzi lazima uwe na karatasi nyuma yake. Kwahiyo barua yako inatakiwa ieleweke na mtu ambaye hajawahi kukuona, hana muda wa kukisia, na anataka kila sentensi aweze kuihakiki kwa cheti, kwa tarehe au kwa mdhamini. Ndo maana wanapenda mpangilio ule ule tuliofundishwa shule: anwani yako, tarehe, anwani yao kwa cheo, Ndugu, YAH, mwili wa barua, saini. Ule mpangilio unamsaidia mtu mwenye barua mia mezani ajue jicho lake liende wapi.

Statapu ni habari nyingine. Barua inasomwa na mwanzilishi mwenyewe au kiongozi wa timu, mara nyingi kwenye simu, katikati ya kazi nyingine. Timu ina watu saba au nane, na anachojiuliza ni je huyu mtu nikikaa naye meza moja kuanzia Jumatatu, kitu kikiharibika ataniambia au atakaa kimya? Hilo cheti hakiwezi kumwonyesha. Anataka akusikie unavyoongea na unavyofikiri, kwahiyo ukimwandikia "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" umetumia mistari yake ya kwanza bila kumwambia chochote kuhusu wewe.

Sasa tuchukue mfano tuufanye mpaka mwisho. Tuseme kuna binti, miaka 2 amekuwa wakala wa pesa za simu Mbagala, ana laini za mitandao mitatu, kila jioni anafunga hesabu ya keshi na floti. Ana diploma ya uhasibu. Ameona nafasi mbili: keshia kwenye tawi la benki, na mtu wa huduma kwa wateja kwenye statapu yenye apu ya wenye maduka kuandika mauzo na madeni. Na ana tukio moja zuri la kusimulia: mteja alimtajia namba yenye kosa la tarakimu moja, shilingi 180,000 zikaenda kwa mtu mwingine.

Kwa benki mimi ningemwambia aandike hivi, chini ya YAH yenye jina la kazi na kumbukumbu namba ya tangazo:

"Naomba kazi ya keshia iliyotangazwa tarehe 3 Machi. Nina diploma ya uhasibu na uzoefu wa miaka miwili kama wakala wa huduma za fedha kwa simu, ambapo nimekuwa nikifunga hesabu ya fedha taslimu na floti kila siku kwa mitandao mitatu. Mwezi Agosti, fedha za mteja kiasi cha shilingi 180,000 zilipokwenda kwenye namba isiyo sahihi, nilitoa taarifa kwa mtandao husika papo hapo kwa kutumia namba ya muamala, kisha nikaandika tukio hilo kwenye daftari la wakala na mteja akasaini."

Angalia ilivyokaa. Ombi liko sentensi ya kwanza, halijazungushwa. Hamna "nina shauku kubwa", hamna "mimi ni mchapakazi nisiyechoka", kwa sababu hayo jopo haliwezi kuyahakiki. Tukio lenyewe limeelezwa kwa hatua, taarifa, namba ya muamala, daftari, saini, na kwa mtu wa benki hapo kuna kitu kikubwa sana, manake keshia mwenye shoti ya pesa anayekaa kimya ndo hofu yao, na huyu binti anaonekana ni mtu ambaye kosa likitokea analiripoti na kuliandika. Sauti imetulia, viambishi viko kamili, na hajatumia "laki na themanini" ameandika tarakimu.

Kwa statapu tukio ni lile lile ila anageuza upande:

"Habari za kazi. Naandika kuhusu nafasi ya huduma kwa wateja. Miaka miwili nimekuwa wakala wa pesa za simu Mbagala na wateja wangu wengi ni wenye maduka, watu wale wale mnaowatengenezea apu. Kuna siku laki na themanini ya mteja ilienda kwa mtu mwingine kwa kosa la tarakimu moja. Kuanzia hapo kila mteja namwambia aandike namba mwenyewe kwenye daftari langu, tunaisoma wote wawili, ndo natuma. Apu yenu nimeitumia wiki nzima kuandika mauzo ya kibanda changu na imenisaidia, ila mteja wa mkopo akilipa nusu ya deni sikuona pa kuandika. Wenye maduka ninaowajua wanalipwa hivyo kila siku, naweza kuwaeleza wanavyofanya."

Hapa hatua za kuripoti hazina uzito sana, kinachombeba ni kwamba aliona tatizo akabadilisha namna ya kufanya kazi bila kuambiwa. Halafu ametumia bidhaa yao na ametaja upungufu mmoja halisi kwa heshima, ile sentensi ya nusu ya deni mwanzilishi ataisoma mara mbili nakuhakikishia. Na ona kwamba ulegevu wenyewe una mipaka: sentensi zimekamilika, hajaandika "mambo vipi", hajaweka vikatuni vya kucheka, hajafupisha maneno. "Habari za kazi" ni salamu ya watu wazima wasiojuana na inafaa kwa mwanzilishi wa umri wowote. Wapo wanaoona mwanzilishi kijana kwenye LinkedIn wanamwandikia "mdogo wangu", na wapo wanaomwita "bosi" kabla hawajaajiriwa, zote mbili zinaleta ugumu, mwite kwa jina lake analotumia mwenyewe basi.

Upande wa benki nako kuna watu wanazidisha. Mheshimiwa tunawaitia wabunge, mawaziri na majaji, Mkuu wa Rasilimali Watu ni Ndugu pamoja na cheo chake, inatosha. Shikamoo nayo iache mpaka siku ya usaili, ukimkuta mwenyekiti wa jopo ni mtu mzima mpe pale pale mlangoni, kwenye barua haina mahali pake.

Kuna jambo moja kwenye barua ya statapu linanipa wasiwasi sana, nalo ni watu kulegea mpaka wanatoa siri. Mtu anataka kuonyesha anaijua kazi basi anataja mteja kwa jina, duka lake, ana deni kiasi gani, au anabandika picha ya miamala ya kazini kwake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata ukiacha sheria, anayesoma anajiuliza huyu akitoka kwangu ataenda kusema nini. Simulia tukio, kiasi unaweza kukitaja, ila mtu abaki "mteja".

Sasa katikati ya hizi mbili kuna sehemu watu wanachanganyikiwa. Statapu inayotoa huduma ya malipo yenyewe inahitaji leseni ya Benki Kuu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, kwahiyo hata kama ofisini wanavaa fulana, ukiomba pale kazi ya fedha au ya kusimamia kufuata sheria, andika karibu na sauti ya benki, manake anayekupima anafikiria mkaguzi. Na benki nazo zina idara za kidijitali zinazotangaza kwa lugha changamfu kabisa, ila barua yako bado inapita kwa yule yule mtu wa ajira mwenye vigezo, kwahiyo uchangamfu wako uweke akiba ya usaili. Kama huna uhakika liangalie tangazo lenyewe linaomba nini. Likitaja kumbukumbu namba, nakala za vyeti vilivyothibitishwa, wadhamini watatu na anwani ya cheo, hapo ni rasmi. Likikupa fomu ya mtandaoni yenye swali "tuambie kitu ulichowahi kutengeneza au kurekebisha", wamekuruhusu uongee. Lugha pia ifuate tangazo, likija kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza hata kama mwanzilishi unajua ni wa Temeke.

Ukimaliza kuandika kuna namna mbili za kujikagua ninazowapa watu. Barua ya benki, pita na kalamu ukate kila sentensi ambayo jopo haliwezi kuihakiki popote. Utashangaa aya nzima inaondoka. Barua ya statapu, kata kila sentensi ambayo ungeweza kuituma kampuni nyingine bila kubadilisha neno, na kama ukishakata inabaki salamu tu basi bidhaa yao hujaitumia, rudi uitumie kwanza.

Kwenye kutuma, benki weka barua na vyeti kwenye faili moja la pdf, lipe jina lako na jina la kazi, na kwenye imeili yenyewe andika mistari miwili tu, unaomba kazi gani na umeambatanisha nini, usiiache tupu. Statapu fanya kinyume, maneno yote yaweke ndani ya imeili, wasifu wako tu ndo uwe kiambatanisho, kwa sababu yule mtu yuko kwenye simu na kiambatanisho anaweza asikifungue mpaka mistari yako ya mwanzo imemvuta.