Barua pepe kwa mfanyakazi ambaye kazi yake haifikii kiwango

Barua nyingi za utendaji duni zinazofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, zina kasoro moja: zimemweleza mtu badala ya kueleza kazi. "Umekuwa mzembe", "huna ari", "umeonywa mara nyingi". Mwamuzi anayesoma maneno hayo hawezi kujua kilichotakiwa kufanyika, kilichofanyika, wala tofauti kati ya hivyo viwili. Mfanyakazi mwenyewe naye hajui kesho aanze kurekebisha wapi.

Kwa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora, yaani Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja mambo yanayoangaliwa. Je, mfanyakazi alishindwa kufikia kiwango? Alikijua, au alitarajiwa kukijua? Kiwango chenyewe kilikuwa cha haki? Kwa nini alishindwa? Na je, alipewa nafasi ya kutosha kujirekebisha? Mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu ameachishwa kazi kwa haki uko kwa mwajiri, na barua pepe iliyoandikwa vizuri hujibu maswali hayo kabla hayajaulizwa na mtu.

Tuchukue karani wa stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ni kuingiza kwenye leja ya kompyuta mzigo unaopokelewa na unaotoka, na kuhesabu mali kila Ijumaa. Mwezi Septemba leja yake haikulingana na mali iliyopo. Kabla ya kuandika neno lolote, msimamizi akae naye amuulize sababu. Kanuni zinataka sababu zichunguzwe, na mara nyingi jibu hubadilisha barua yenyewe. Hapa ilibainika mambo mawili: malori kadhaa yalifika baada ya saa 10 jioni, wakati kompyuta ya stoo ilikuwa inatumiwa na keshia kufunga hesabu zake. Hilo ni tatizo la ofisi. Lakini halielezi kwa nini mzigo wa Alhamisi ulisubiri hadi Jumatatu.

Baada ya mazungumzo hayo ndipo barua iandikwe. Kichwa kitaje kazi, kisitoe hukumu: "Yah: Kuchelewa kuingiza mapokezi na tofauti za hesabu ya stoo, Septemba". Kisha mwili wake:

> Ndugu,
>
> Rejea mazungumzo yetu ya Ijumaa, tarehe 25 Septemba.
>
> Kwa mujibu wa utaratibu wa stoo uliousaini ulipoanza kazi, kila mzigo unaopokelewa unaingizwa kwenye leja siku hiyohiyo kabla ya saa 11 jioni, na tofauti yoyote ya hesabu ya Ijumaa inaandikiwa maelezo kabla ya stoo kufungwa.
>
> Kati ya mapokezi 22 ya Septemba hadi siku tulipozungumza, 15 yaliingizwa kwa wakati na 7 yalichelewa. Mifano miwili ni hii:
>
> Alhamisi tarehe 3 Septemba ulipokea mifuko 600 ya saruji. Iliingizwa Jumatatu tarehe 7. Jumamosi tarehe 5 mteja aliambiwa saruji imekwisha kwa sababu leja ilionyesha hakuna.
>
> Ijumaa tarehe 11 Septemba leja ilionyesha nondo 340 za milimita 12, zilizohesabiwa ni 312. Maelezo ya nondo 28 yalipatikana tarehe 16, baada ya kuulizwa: hati mbili za kutoa mzigo hazikuwa zimeingizwa.

Tazama mambo machache hapo. Kiwango kimetangulia mifano, ili msomaji apate kipimo kabla ya kupewa cha kupima. Chanzo cha kiwango kimetajwa, ambacho ni utaratibu uliosainiwa. Kama hakuna karatasi ya namna hiyo, usijifanye ipo. Andika kwamba kiwango kinaanza kutumika leo, na makosa ya nyuma yabaki kuwa maelezo ya kwa nini kimewekwa. Pia yametajwa mapokezi 15 yaliyofanyika sawasawa. Wasimamizi wengi huyaacha wakidhani yanadhoofisha barua, ilhali ndiyo yanayoonyesha kwamba kazi yote ilikaguliwa na makosa hayakutafutwa kwa tochi.

Mifano miwili au mitatu yenye tarehe, kiasi na athari inatosha. Ukiweka kumi, mfanyakazi atapinga ule dhaifu kuliko yote na mjadala utaishia hapo.

Jingine ni kutochanganya kutoweza na utovu wa nidhamu. Ikiwa kuna shaka kwamba nondo 28 ziliibwa, hilo ni suala la nidhamu lenye utaratibu wake wa uchunguzi na kikao, na halipaswi kudokezwa kwa mafumbo ndani ya barua hii.

Sehemu ya pili inaeleza ofisi itafanya nini na lini kazi itapimwa:

> Ulieleza kuhusu malori ya jioni na kompyuta. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mzigo hautapokelewa baada ya saa 10 jioni, na kompyuta ya stoo itakuwa yako kuanzia saa hiyo hadi saa 11. Mhasibu atakuelekeza kuingiza hati za kutoa mzigo tarehe 30 Septemba asubuhi.
>
> Tutaangalia maendeleo Jumatatu tarehe 19 Oktoba. Tathmini kamili ni Jumatatu tarehe 9 Novemba, saa 4 asubuhi, ofisini kwangu. Tutapitia mapokezi yote ya Oktoba na hesabu 6 za Ijumaa, kuanzia tarehe 2 Oktoba hadi 6 Novemba. Unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.
>
> Kiwango kisipofikiwa, hatua inayofuata inaweza kuwa onyo la maandishi. Kama kuna jambo si sahihi humu, nijibu kwa maandishi kabla ya tarehe 2 Oktoba.

Wiki 6 hazikuokotwa tu. Hesabu ni ya kila wiki, hivyo muda huo unatoa vipimo 6. Wiki mbili zingetoa viwili, na Ijumaa moja mbaya ingeamua kila kitu. Muda wa haki hutegemea aina ya kazi, ukubwa wa kasoro, miaka ya utumishi na rekodi ya nyuma. Aliyefanya kazi vizuri miaka minane apewe zaidi ya huyu. Na angalia kalenda: kuna barua zilizopanga tathmini tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, ofisi zikiwa zimefungwa.

Itume kwa mhusika peke yake, nakala kwa ofisa rasilimali watu. Kuiweka kwenye kundi la wasapu la ofisi ni kumdhalilisha. Kama hana barua pepe ya kazi, chapisha nakala mbili asaini kupokea, na andika wazi kuwa saini ni ya kupokea, si ya kukubali makosa.

Mahali ambapo waajiri huanguka zaidi ni tarehe 9 Novemba yenyewe. Inapita kimya, kisha Januari mtu anaachishwa kazi kwa barua ile ya Septemba. Kikao kifanyike hata kama matokeo ni mazuri, na siku hiyohiyo itumwe barua fupi: mapokezi mangapi yaliingizwa kwa wakati, hesabu ngapi zililingana, na uamuzi. Akiwa amefikia kiwango, iandikwe kwamba suala limefungwa. Amekaribia, aongezewe muda wenye tarehe mpya. Hajafikia licha ya msaada uliotolewa, ndipo onyo lifuate. Na kama kompyuta iliyoahidiwa haikupatikana, muda uanze kuhesabiwa upya siku itakapopatikana.