Kondoo kumkataa mtoto: si kila anayenyima chuchu amekataa

Huku Tabora mwanakondoo akifa siku ya kwanza, jibu la haraka huwa ni kwamba mama yake alimkataa. Juzi mnadani nimemsikia mtu akimwita kondoo wake "mkataaji", wakati kiwele cha mnyama yule kilikuwa kimevimba upande mmoja na kuwa chekundu. Huyo hakukataa mtoto. Alikuwa anaumwa.

Kumkataa mtoto ni pale mama mwenye afya na maziwa anapomnusa mtoto aliyemzaa mwenyewe, kisha akampiga kichwa na kumfukuza kama wa jirani. Basi.

Jambo lote liko puani. Kondoo mwenye mimba ambaye bado hajafikia kuzaa huchukizwa na harufu ya maji ya uzazi. Mtoto anapopita, mlango wa kizazi hutanuka, na kutanuka huko huufanya ubongo kutoa homoni ya oksitosini. Papo hapo harufu iliyomchukiza inaanza kumvuta. Analamba, na katika kulamba anajifunza harufu ya mtoto huyu mmoja. Nafasi hiyo haidumu. Baada ya saa mbili hadi nne hivi anakuwa ameshamkariri wake, na mwingine yeyote atakayesogea kiweleni ni mgeni, hata kama alitoka tumboni mwake.

Chukua kisa cha jirani yangu mmoja wa Uyui. Kondoo wake alizaa mapacha usiku wa mvua, ndio uzazi wake wa kwanza. Pacha wa kwanza alikuwa anatetemeka, mama akiwa bado anahangaika na wa pili. Jirani kwa huruma akambeba mtoto yule, akamwosha kwa maji ya moto na sabuni, akamlaza jikoni karibu na moto hadi asubuhi. Aliporudishwa zizini, mama alimnusa mara moja tu na kumrusha pembeni kwa kichwa. Pacha wa pili alikuwa ananyonya vizuri kabisa. Watu wakasema mkono wa binadamu ndio umeharibu. Mkono peke yake hauna shida hiyo. Kilichoharibu ni sabuni iliyoondoa maji ya uzazi, pamoja na zile saa ambazo mama alimjifunza mmoja tu. Angemfuta pua na mdomo, akamweka mbele ya mama alambwe, huenda tusingekuwa na hadithi. Mtoto aliyekaa na mama yake siku nzima ya kwanza hata akitenganishwa naye saa kadhaa baadaye, kwa kawaida hupokelewa.

Sasa yule wa mnadani. Kondoo mwenye ugonjwa wa kiwele humwita mtoto kwa ule mlio wa chini wa kooni na humlamba, lakini mtoto akigusa chuchu anaruka au anapiga teke. Mshike kiwele: utakikuta cha moto au kigumu, na ukikamua yanatoka maziwa ya majimaji au yenye mabonge. Anayekataa kweli anachukia mtoto kabla hata chuchu haijaguswa, na ukimkamua maziwa ni mazuri. Wa kwanza anahitaji mtaalamu wa mifugo na dawa, na ukimfunga kwa nguvu anyonyeshe unamtesa bure. Kuna na wa tatu, mzazi mpya anayezungukazunguka kila mtoto akielekea nyuma yake, kwa kuwa anataka kumwona usoni. Huyo mwache na mtoto mahali padogo patulivu, mara nyingi atatulia mwenyewe.

Kwa yule pacha tulianza na tumbo lake, maana mama hapatani kwa saa moja. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, inatakiwa iingie ndani ya saa sita za kwanza, kama mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja. Kwa mtoto wa kilo mbili na nusu ni mililita 125, yaani nusu ya kikombe cha robo lita. Mtoto alikuwa amechelewa kidogo, lakini mama akakamuliwa na mtoto akanyweshwa. Kisha mama akafungwa kamba fupi kwenye kona ya zizi, majani na maji mbele yake, akawa anashikwa kila baada ya saa chache ili mapacha wote wanyonye. Kwa siku za mwanzo alipiga mateke. Baadaye akawa anamnusa yule aliyemkataa mkiani wakati ananyonya, na hiyo ndiyo dalili ya kuangalia, maana mkiani ndipo kondoo anapomhakiki mwanawe.

Jirani alikuwa ameshapanga kumpeleka mama huyo Igunga mnadani. Nilimwomba angojee uzazi wa pili, kwa sababu wazazi wapya ndio wanaokosea zaidi. Akirudia tena, huku kiwele ni kizima na hakuna aliyemwoshea mtoto, hapo amuuze.