Barua ya oda iliyochelewa: kusubiri, mbadala au kurudishiwa pesa

Mteja ameagiza bidhaa, pengine ameshailipa, na siku ya kuichukua imekaribia. Mwenye duka anafungua ghala na kukuta bidhaa haitoshi. Barua anayopaswa kumwandikia mteja siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Inamweleza kwamba oda yake itachelewa kwa kuwa stoki imepungua, kisha inampa njia tatu achague mwenyewe: asubiri mzigo mpya, achukue bidhaa nyingine badala yake, au arudishiwe pesa zake.

Wengi huichukulia kuwa barua ya kuomba radhi. Radhi huombwa, naam, kwa sentensi moja, lakini kazi ya barua hii ni kumpa mteja uamuzi mkononi akiwa bado na muda wa kuutumia. Ikimfikia siku ile aliyotarajia mzigo, mteja hana tena la kuchagua.

Nitaieleza kwa mfano wa duka la vifaa vya vyombo vya baharini hapa Lamu, maana kwetu kuchelewa kwa kopo la rangi kunaweza kukifunga chombo nusu mwezi. Nahodha wa jahazi ameagiza makopo matano ya lita nne ya rangi ya chini ya chombo, ile inayozuia chaza na mwani kuota ubaoni, iliyochukua nafasi ya deheni ya shahamu na chokaa ya wazee wetu. Kila kopo ni shilingi 8,000, jumla 40,000. Pesa zimetumwa kwa M-Pesa na mwenye chombo. Makubaliano ni kwamba rangi ichukuliwe Alhamisi tarehe 9, chombo kipandishwe pwani kwa bamvua, siku za maji makubwa, ya tarehe 12 na 13, kiparwe, kipakwe rangi maji yakiwa yametoka, kisha kirudi majini.

Jumatatu tarehe 6 muuzaji anahesabu makopo na kukuta yaliyo huru ni mawili tu.

Daftari lilisema yako sita, na daftari halikukosea: siku oda ilipopokelewa, makopo sita yalikuwa rafuni kweli. Lakini manne yalikuwa na mwenyewe tayari, mtu aliyelipa wiki moja kabla na hajaja kuyachukua. Hapa ndipo upungufu mwingi wa stoki unapozaliwa. Kilichoko rafuni ni hesabu moja, na kilicho huru kuuzwa ni hesabu nyingine. Ili kupata ya pili, toa katika ya kwanza kila ulichokwisha kumwahidi mtu. Sita toa nne ni mawili, na muuzaji aliahidi matano. Dalili ya duka lenye ugonjwa huu ni kwamba daftari linaonyesha bidhaa ipo, macho yanaiona ipo, na bado watu wawili wanaidai ile ile.

Mteja hahitaji kusimuliwa habari zote hizo. Sababu inamtosha kwa maneno machache ya kweli: tulihesabu makopo ambayo tayari yalikuwa ya mteja mwingine. Nimeona barua nyingi zinazotupia lawama barabara au mvua, na hapa mjini mteja atauliza gatini na kuambiwa lori lilifika vizuri. Tangu hapo hataiamini hata tarehe mpya utakayompa.

Sasa njia tatu zenyewe. Kila moja ina jambo moja ambalo likikosekana, njia hiyo inakuwa maneno matupu.

Kusubiri kunataka tarehe, na tarehe hiyo ni ya bidhaa kufika dukani. Tarehe ya mzigo kutoka Mombasa haimsaidii mteja wa kisiwani. Mzigo unapita Malindi, Garseni na Witu hadi Mokowe, unashushwa gatini, unapakiwa mashuani na kuvushwa, kisha unabebwa kwa punda au mkokoteni hadi dukani. Muuzaji wetu ameambiwa lori litaondoka Jumanne tarehe 21. Anaweka siku moja ya Mokowe, moja ya kuvusha na kupanga, na anaandika Alhamisi tarehe 23. Halafu anaongeza hatua ambayo wengi huisahau: anaisoma tarehe hiyo kwa kalenda ya mteja. Kwa duka ni siku kumi na nne za kuchelewa. Kwa nahodha tarehe 23 ni maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, chombo kizito hakipandi, na bamvua inayofuata ni ya tarehe 27. Kusubiri kwake maana yake ni hiyo tarehe 27, na barua inapaswa kusema hivyo waziwazi.

Mbadala ndio unaotaka maelezo mengi zaidi, na ndio unaoharibu urafiki ukifanywa kwa haraka. Dukani kuna makopo saba ya rangi nyingine ya kazi ile ile, shilingi 6,500 kopo. Kwa bei tu mteja anafaidika. Lakini rangi aliyoagiza ni ngumu, inayokauka na kubaki kama ganda, na hii nyingine ni laini, inayolika kidogo kidogo na maji ili chaza wasipate pa kushika. Laini hukaa juu ya ngumu ya zamani ikiwa ile ya chini imepigwa msasa vizuri. Kinyume chake hakifai: ukipaka ngumu juu ya laini, tabaka la chini linalegea na la juu linabanduka vipande vipande. Kwa hiyo nahodha akichukua laini leo, siku atakayotaka kurudi kwenye rangi yake ya kawaida itabidi aipare yote mpaka ubao. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya kopo, na muuzaji anayeijua akanyamaza amemdhulumu mteja wake. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kumpa mawili magumu na matatu laini ili kufikisha matano. Akichagua mbadala, apewe yote matano ya aina moja, yaani shilingi 32,500, na 7,500 zirudi.

Mbadala hautolewi kimyakimya. Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inampa mnunuzi haki ya kukataa bidhaa isiyolingana na maelezo aliyonunulia, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Kumfungia mtu rangi nyingine ukitumaini hataona tofauti ni kununua mzigo wa kurudishiwa.

Kurudishiwa pesa kunataka mambo matatu mafupi: kiasi gani, lini, na kwa nani. La tatu ndilo linalosahaulika. Nahodha ndiye aliyeagiza, lakini pesa zilitoka kwa mwenye chombo. Zinarudi kwenye namba iliyolipa, hata kama anayezungumza nasi ni mwingine. Gharama ya kutuma ni ya duka, na kiasi kifike kamili.

Barua yenyewe, ikiandikwa Jumatatu ile ile na kutumwa kwa simu, inaweza kuwa hivi:

"Assalamu alaikum nahodha. Rangi uliyoagiza kwa Alhamisi tarehe 9 haitatimia. Uliagiza makopo 5, yaliyopo ni 2. Kosa ni letu: tulihesabu makopo yaliyokuwa ya mteja mwingine. Tuwie radhi, tunajua umepanga bamvua hii.

Tafadhali chagua moja.

Kusubiri: makopo 3 yaliyobaki yatakuwa dukani Alhamisi tarehe 23, kwa hiyo kazi itakuwa bamvua ya tarehe 27. Bei haibadiliki. Yale 2 tutakuwekea, au uyachukue sasa.

Mbadala: tunayo rangi laini, makopo 5 kwa 32,500, tayari leo. Tutarudisha 7,500. Inakaa juu ya rangi yako ya zamani ukipiga msasa, lakini ukitaka kurudi kwenye rangi ngumu baadaye itabidi laini yote iparwe.

Pesa: tutarudisha 40,000 zote, au 24,000 ukichukua makopo 2. Zitarudi siku utakayotujibu, kwenye namba iliyolipa, gharama ya kutuma juu yetu.

Tungependa jibu kabla ya Jumatano tarehe 8 saa nne asubuhi ili usiikose bamvua. Usipojibu hatutabadilisha chochote: tutakuwekea makopo 2, tutaagiza 3, na bado utaweza kudai pesa zako wakati wowote kabla ya kuyachukua."

Habari mbaya imekaa sentensi ya kwanza baada ya salamu. Mtu anayesoma akiwa na tanga mkononi husoma mistari miwili, na hiyo miwili imwambie anachopaswa kujua. Nambari ziko kwenye tarakimu ili zionekane haraka. Na kila njia imepewa uzito sawa. Kuna barua zinazoeleza mbadala kwa mistari kumi na kuficha pesa kwenye neno la mwisho, "au tuwasiliane kuhusu malipo". Mteja akisoma hivyo anajua kwamba njia ya tatu haipo.

Sentensi ya ukimya inahitaji uangalifu. Watu huandika, "usipojibu tutachukulia umekubali mbadala." Lakini nahodha anaweza kuwa mahali ambako simu haishiki, na kutojibu kwake hakumaanishi chochote. Akikaa kimya, kitakachofanyika ni kile kisichomfunga: oda yake ya asili inaendelea, na mlango wa pesa unabaki wazi.

Kuna mpaka pia. Barua hii inafaa pale tarehe mpya inapojulikana. Kama msambazaji wa Mombasa hasemi lini, usibuni tarehe ili ukurasa ujae. Andika kwamba tarehe haipo, ondoa njia ya kusubiri, na ubaki na mbili. Tarehe mpya ikivunjwa, barua ya pili ni nzito mara nyingi kuliko ya kwanza, na mimi nikiona hivyo hurudisha pesa bila kungoja kuombwa.

Nahodha wetu anajibu Jumanne baada ya Alasiri: "Rangi laini sitaki, chombo kiliparwa mwaka jana tu. Nitasubiri. Bamvua hii nitakipara chaza nikishushe na rangi ya zamani. Ila hayo mawili usimpe mtu." Muuzaji anayatoa makopo mawili rafuni, anayaweka chini ya meza na karatasi ya jina juu yake, na kwenye daftari anaandika: rafuni 4, ya watu 4, huru 0.