"Nina maslahi hapo" haitoshi

Mi ni katibu wa kampuni hapa Arusha, kazi yangu kuandika mihtasari ya bodi, na sentensi inayoniudhi kuliko zote ni ile ya mjumbe anasema "mwenyekiti nina maslahi hapo" halafu anavuta kikombe cha chai kama vile kamaliza.

Kuna kampuni moja ya safari, wajumbe watano, akidi watatu, siku hiyo wamekuja watatu tu maana wengine wako porini na wageni. Ajenda ni mkataba wa kuservisi Landkruza kwenye gereji moja ya mtaa wa Unga Limited. Mzee mmoja akatoa hiyo sentensi yake. Nikamuuliza, shikamoo mzee, maslahi gani? Kumbe ana hisa asilimia 30 kwenye hiyo gereji na mdogo wake ndo anaiendesha! Sasa hapo ndo penyewe, maana Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka useme maslahi yako ni ya aina gani, na useme kwenye kikao kile mkataba unapojadiliwa mara ya kwanza, sio mkishapiga kura. Kama hisa umezinunua baadaye basi unasema kikao kinachofuata.

Akajitetea kwamba bei ni nzuri kuliko gereji zingine, na kweli ilikuwa nzuri, ila hilo halimwokoi. Kesi ya Aberdeen Railway dhidi ya Blaikie Brothers ya 1854, ya kule Uingereza, mkurugenzi alikuwa mbia kwenye firma iliyoiuzia kampuni vyuma vya reli, na mahakama ikakataa hata kuangalia kama bei ilikuwa ya haki, kampuni ikaruhusiwa kuukana mkataba. Mtu hawezi kuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, basi.

Tukarudi kwenye katiba ya kampuni, yao inasema mwenye maslahi hapigi kura na hahesabiwi kwenye akidi (yako isome, zinatofautiana). Akatoka nje, tukabaki na wajumbe wawili, akidi imekufa, ajenda ikasogezwa wiki ijayo. Walinuna kweli, lakini wangepitisha siku ile, siku wakigombana na gereji wakili yeyote angeanzia hapohapo.

Kama unajua biashara zitakuwa za mara kwa mara, andikia bodi barua ya jumla mapema, kwamba una hisa kwenye gereji fulani na uhesabiwe una maslahi kwenye kila mkataba nayo kuanzia tarehe hiyo. Ila hakikisha inasomwa kikaoni, maana barua iliyolala kwenye droo ya katibu haihesabiki, na hisa zako zikiongezeka mimi nakushauri uandike upya.

Kwenye muhtasari niliandika hivi: "Mjumbe alitamka kuwa anamiliki asilimia 30 ya hisa za gereji na kwamba mwendeshaji ni mdogo wake. Alitoka saa 4:20. Akidi haikutimia, ajenda iliahirishwa." Mzee akasoma, akaguna, akasaini.